Neno "Riba" Katika Mkataba wa Bibi

Hapa Uingereza kuna mkataba ambao familia nyingi za kwetu hukutana nao mara ya kwanza mzee anapolazwa hospitali na kuonekana hawezi tena kurudi kuishi nyumbani. Ni mkataba wa kuahirisha malipo. Kaunsili hulipa sehemu kubwa ya gharama za nyumba ya kulelea wazee, na mzee huweka nyumba yake dhamana. Fedha hizo si msaada, ni deni. Hulipwa nyumba ikiuzwa, au siku 90 baada ya mzee kufariki. Kaunsili inaruhusiwa kutoza riba juu yake, na nyingi hutoza.

Bibi ninayemsimulia alikuwa na miaka 81, mzaliwa wa Pemba, mjane, mgonjwa katika wodi niliyokuwa nafanya kazi. (Nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike.) Kiingereza chake kilitosha dukani, si kwa mkataba wa kurasa 14. Ofisa wa ustawi wa jamii akaagiza mkalimani, akaja kijana wa Mombasa.

Kabla hawajaingia chumbani, mtoto wa bibi alimvuta mkalimani pembeni. "Mfupishie tu, ndugu yangu. Mwambie kaunsili italipa. Hilo la riba usilitaje, mama atakataa."

"Kufupisha nitafupisha, kaka," akajibu. "Riba siwezi kuiacha. Ukiitoa, huo ni mkataba mwingine."

Mtoto hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa akiishi katika nyumba ile ile, na bila mkataba huenda ingebidi iuzwe. Ndiyo sababu napendelea familia iombe mkalimani wa nje, hata kama mjukuu anajua Kiingereza cha chuo kikuu.

Kijana akaanza na shikamoo, kisha akaeleza kwamba atakachosema bibi na atakachosema ofisa, vyote vitatafsiriwa. Mengi aliyaruka kwa ridhaa ya ofisa: anwani, maana za maneno zilizorudiwa, barua zitumwe wapi. Yaliyobaki yalikuwa machache: nani analipa, nini kimewekwa dhamana, deni linakuaje, linadaiwa lini, na bibi anajitoaje. Akaongeza kwamba nyumba lazima iwe na bima na itunzwe. Palipoandikwa kwamba kaunsili inaweza kusimamisha mkopo deni likifika kikomo, alisema "inaweza", hakusema "itasimamisha". Neno la kwanza linaacha nafasi ya mazungumzo, la pili linamtisha mzee bure.

Alipofika kwenye riba, alisema riba. Hakusema "ada" wala "gharama kidogo". Kwa mwanamke aliyelelewa kuijua riba kuwa haramu, "ada" ingempatia saini yake bila ridhaa yake. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, wewe ungetia saini?"

Kijana hakujibu. Aligeuka akamtafsiria ofisa swali hilo kama lilivyo. Ofisa akasema kwamba si yeye wala mkalimani wa kuamua, na kwamba bibi ana haki ya kutafuta ushauri wa mwanasheria kwanza.

Nikamwomba bibi atusimulie alichoelewa, kama tunavyofanya na mgonjwa kabla ya kumpa dawa mpya. Akasema, "Wananilipia, kisha nyumba inakuwa yao." Hapo ndipo nilipomheshimu zaidi yule kijana, kwa sababu hakusahihisha kimya kimya. Aliyapeleka maneno kwa Kiingereza pamoja na kosa lake, ofisa akaliona. Akaeleza upya: nyumba inabaki kwa jina la bibi, ila kaunsili inaandikishwa kwenye hati kwamba inadai. Mara ya pili bibi alisema, "Nyumba yangu, deni langu, na deni linazaa riba." Sasa alikuwa ameelewa.

Kisha akauliza kama kuna njia isiyo na riba. Mtoto akashusha pumzi. Ofisa akataja mbili. Nyumba inaweza kukodishwa, kodi ikajazia pensheni yake. Lakini ada ya pale isingefikiwa yote, na kinachopungua kingebaki deni. Au aiuze, ajilipie mwenyewe. Hakukuwa na haraka: kwa mtu kama yeye, ambaye akiba yake nje ya nyumba haikufika pauni 23,250, thamani ya nyumba haihesabiwi katika wiki 12 za kwanza za kuhamia kwa kudumu.

Siku ile hakutia saini. Aliomba muhtasari uandikwe kwa Kiswahili kwa herufi kubwa ili amsomee shekhe wake kwa simu. Kijana akauandika palepale, akamsomea ofisa kwa Kiingereza mstari kwa mstari kabla ya kumpa.

Katika wiki ya tisa bibi aliamua nyumba iuzwe. Mtoto wake alipanga chumba karibu na pale alipohamia mama, na hakuzungumza naye kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Siku hizi humpelekea uji kila Jumapili.