Nyama Kavu Ina Protini Zaidi? Uliza Maji Yameenda Wapi!

Mwezi uliopita mimi na mume wangu tulinuniana kwa sababu ya pakiti ya nyama kavu. Alikuwa ameanza mazoezi ya kujenga mwili, akarudi nayo kutoka supamaketi. Lebo ilisema gramu 55 za protini katika kila gramu 100.

"Mke wangu, ona mwenyewe! Nyama ya bucha ina 22 tu. Hii ni zaidi ya mara mbili!"

Basi ikawa pakiti moja kila siku, na hela ya mboga ikaanza kuyeyuka.

Sikubishana naye. Jumamosi nilinunua nyama ya paja, nikatoa mafuta yote, maana mafuta hayakauki na ndiyo huharibika haraka. Ikabaki kilo 1 ya mnofu mtupu. Niliiacha kwenye friza igande kidogo ili ikatike vizuri, nikakata vipande virefu vyenye unene wa milimita 5 hivi. Nikapaka gramu 20 za chumvi, pilipili manga, giligilani ya kusaga na siki vijiko viwili. Usiku mzima ikalala kwenye friji.

Asubuhi nikaipanga juu ya waya wa oveni, nyuzi joto 65, mlango wazi kidogo ili mvuke utoke. Baada ya saa kama sita nilikunja kipande kilichopoa: kikapasuka nyuzinyuzi bila kukatika. Hapo imeiva kukauka. Nikamalizia kwa nyuzi 135 dakika 10 kuua vijidudu, kwani ukavu peke yake hauwaui.

Kisha nikamwita mzee kwenye mizani. Gramu 400!

"Gramu 600 zimeenda wapi?" nikamuuliza.

"Si maji hayo."

"Na protini je, nayo imepaa na mvuke?"

Akanyamaza. Kilo ile mbichi ilikuwa na protini gramu 220. Baada ya kukauka bado ni zile zile 220, ila sasa zimebanana ndani ya gramu 400. Gawanya uone: 55 katika kila gramu 100. Kumbe gramu 40 za nyama kavu ni sawa na gramu 100 za mbichi. Hakuna kilichoongezeka.

Ila chumvi nayo imebanana vilevile. Zile gramu 20 sasa ni gramu 5 katika kila gramu 100, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Na kwao presha ni ya ukoo!

Nyama kavu bado tunakula, hasa safarini, kwani haihitaji friji njiani. Lakini sasa baba anapima gramu 40, na kabla ya kulipa anagawanya bei kwa gramu za protini. Bucha imemrudia mteja wake.