Bafu 19, 36 ao 43? Tuangalie nani alisema, na siku gani

Wandugu wachimbaji, na ninyi wa mama ku nyumba, tukumbuke tarehe 27 Juni 2019. Udongo ulianguka mu shimo ya KOV, mu mugodi wa Kamoto Copper Company karibu na Kolwezi, na ulifunika wakrezere. Glencore, mwenye mugodi, ilisema bafu 19 kwa uchache. Guverneri wa Lualaba, Richard Muyej, alisema 36. Kesho yake hesabu ilifika 43. Wengine walisema: wote ni wongo. Hapana.

Tuanze na mwenye kusema. Hapa tuna kompanyi na guverneri, tunajua majina na kazi yao, tunaweza kuwauliza. Habari yenye kuandika tu «inasemekana» haina mwenyewe.

Kisha tarehe. Watu wakiwa bado chini ya udongo, hesabu inapanda. 19 ya siku ya kwanza na 43 ya kesho yake, kila moja iko na siku yake. Lakini 19 ikiletwa bila tarehe, inadanganya.

Mwisho, majurunali mengine. Tukisoma maneno yaleyale mu majurunali tatu, tuangalie mwisho wa habari: kama zote zimeandika AFP, huyo ni shahidi mumoja tu. Shahidi wa pili ni ule aliyetuma mutu wake ku shimo ao ku hospitali.

Basi picha ya bafu ikifika ku simu hapa Kasomeno bila jina wala tarehe, tusianze matanga. Tumuite kwanza ndugu yetu ku mugodi.