Nani Analipa, Lini, na kwa Risiti Gani

Barua pepe ya kumwalika mwenzako wa ng'ambo kwenye warsha huishia mikononi mwa watu watatu. Kuna mgeni mwenyewe, kuna mhasibu wa taasisi yake, na kuna afisa wa Uhamiaji. Wenyeji wengi humwandikia mgeni peke yake, kwa maneno mazuri ya ukaribisho, na hao wawili wengine hawapati wanachokitafuta.

Tuchukue mfano wa chuo kimoja cha Zanzibar kinachoandaa warsha ya kuorodhesha miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Kinamtaka mtaalamu kutoka Napoli, Italia, ambako chuo kikuu cha L'Orientale hufundisha Kiswahili. Warsha inaanza Jumatatu 14 Septemba 2026 na kumalizika Ijumaa 18. Kiini cha barua kinaweza kuwa hivi:

"Mpendwa Daktari, tunakuomba ufike Jumapili 13 Septemba na uondoke Jumamosi 19. Tutakununulia tiketi ya daraja la kawaida, Roma hadi Zanzibar, kwenda na kurudi. Hoteli tutailipa wenyewe kwa usiku sita, pamoja na kifungua kinywa. Chakula cha mchana kitakuwapo ukumbini, na kwa chakula cha jioni utapewa dola 25 kwa siku, taslimu, siku ya kwanza. Ada ya viza na bima ya kuingia Zanzibar utailipa wewe kwanza, nasi tutakurudishia kwa risiti kabla hujaondoka. Nauli ya kutoka Napoli hadi uwanja wa ndege wa Roma, na usiku wowote wa ziada, ni juu yako."

Warsha ni ya siku tano lakini malazi ni ya usiku sita. Hapo ndipo bajeti nyingi huvuja, kwa kuwa mwandishi huhesabu siku za kikao na kusahau kwamba mgeni anahitaji kitanda usiku wa kuamkia siku ya kwanza na usiku unaofuata siku ya mwisho.

Jambo zito zaidi ni tofauti kati ya kulipia na kurudishia. Ukiandika tu kwamba "gharama zote zitagharimiwa", mgeni ataelewa kwamba hatatoa kitu, kumbe mhasibu wako amepanga kumrudishia baada ya safari. Mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kubeba nauli ya ndege kwa miezi akisubiri fedha zivuke mabenki na kukatwa ada njiani. Kwa maoni yangu, kama bajeti ipo, mwenyeji anunue tiketi mwenyewe. Akishindwa, basi aseme mapema risiti zipi zitahitajika, ikiwemo pasi ya kupandia ndege, ambayo wasafiri wengi huitupa wakishafika. Vyuo vya umma vya Italia, kwa kawaida, humtaka mtumishi wao apate kibali kabla ya kusafiri, na mhasibu wa huko atataka kuona mwenyeji analipa nini.

Viza nayo ina tego lake. Tanzania Bara na Zanzibar hutumia viza moja. Ile ya kawaida kwa raia wa Italia ni dola 50, na ya shughuli za kibiashara au za kitaaluma za muda mfupi ni dola 250. Barua inayosema mgeni anakuja "kufundisha" inaweza kumhamisha kutoka ya kwanza hadi ya pili. Kwa hiyo, kabla ya kutuma barua, peleka maelezo ya kazi atakayoifanya Uhamiaji, uulize ni aina gani ya viza inayomhusu, kisha uitaje barua inapoandikwa. Juu ya hayo, tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hukata bima ya lazima ya dola 44, hata kama ana bima yake ya kwao.

Njia ya ndege pia ina uzito. Italia haina homa ya manjano, lakini Ethiopia imo katika orodha ya nchi zenye hatari hiyo. Mgeni akikaa zaidi ya saa 12 uwanjani Addis Ababa akisubiri ndege ya kuunganisha, anaweza kudaiwa cheti cha chanjo akifika. Cheti huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo kuchanjwa wiki ya safari hakumsaidii. Tiketi rahisi yenye kungoja usiku kucha isinunuliwe kabla hajaulizwa kama ana cheti.

Tuma barua hiyo miezi mitatu kabla, ukiomba jibu kwa tarehe maalumu pamoja na nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye picha. Pasipoti iwe na miezi sita zaidi ya uhai wake. Kisha ambatisha barua rasmi yenye nembo, sahihi na muhuri, jina likiandikwa herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, na tarehe zilezile zilizomo katika tiketi, kwa sababu afisa wa mpakani huzilinganisha.