Mama Anaumwa, Lakini Si Wewe Uliyemuuguza

"Watoto nyie, mtanitia wazimu!" Maneno haya husemwa kila siku katika nyumba zetu, na kwa kawaida huishia hapo hapo. Ubaya wake huonekana pale mama aliyezoea kuyasema anapougua kweli ugonjwa wa akili. Watu wazima wameshayasahau. Mtoto anayakumbuka, na kwake yalikuwa onyo ambalo sasa limetimia.

Mpaka kwenye miaka saba hivi, mtoto huamini kwamba hasira yake, au hata wazo alilolificha moyoni, linaweza kumdhuru mtu. Akimnunia mama asubuhi na jioni mama akapelekwa hospitali, huunganisha mambo hayo mawili bila kumwambia mtu. Tena kujilaumu humpa tumaini fulani: kama mimi ndiye niliyemuuguza, basi nikiwa mwema sana atapona. Kwa hiyo mtoto anayejilaumu si lazima awe msumbufu. Mara nyingi huwa mtiifu kupita kiasi, huacha kucheza, hulalamika tumbo linauma, hukataa kwenda shule ili amchunge mama, au huanza tena kukojoa kitandani.

Tuchukue nyumba moja ya mfano. Mama wa watoto watatu, wenye miaka mitano, tisa na kumi na minne, alianza kwa kunyamaza. Aliacha kupika, akawa analala mchana kutwa ameuelekea ukuta, chakula hakimpiti kooni. Hiyo ni sonona kali. Baada ya wiki kadhaa akaanza kusikia sauti zikimwambia kwamba majirani wanataka kuwaiba wanawe. Akafunga milango, akawazuia watoto kutoka nje, na siku moja akamwambia binti wa miaka tisa, "Wewe umeshirikiana nao." Kusikia sauti zisizokuwepo na kushikilia imani isiyo ya kweli, hata aonyeshwe ushahidi gani, ni dalili za saikosisi. Sonona ikizidi sana inaweza kufika huko. Akapelekwa hospitali usiku. Asubuhi watoto wakaambiwa, "Mama amesafiri."

Uongo ule ulisemwa kwa huruma, lakini watoto walikuwa wamesikia vurugu zote za usiku. Wakajifunza kwamba jambo hili halizungumzwi, na kila mmoja akabaki na maelezo yake kichwani. Shangazi yao aliyekuja kuwalea alianza vizuri. Kabla ya kuwaeleza lolote, alimwita mmoja mmoja akamuuliza: "Wewe unafikiri nini kilimfanya mama augue?" Ukimwambia mtoto "si kosa lako" bila kujua anajilaumu kwa lipi, neno lako linapita pembeni.

Wa miaka mitano alisema, "Nilimwaga uji." Kwa umri huu maneno yawe machache, yanayogusa anachokiona. Shangazi alimjibu: "Uji uliomwagika haumuuguzi mtu. Kama tumbo linavyoweza kuumwa, ubongo nao huumwa, na ubongo uko ndani ya kichwa. Wa mama umeumwa, ndiyo maana alikuwa analala sana na kulia. Madaktari wanamtibu. Mimi nitakupikia na kukupeleka shule." Kusema tu "mama anaumwa" hakutoshi, kwa sababu kesho bibi akipata mafua, mtoto ataogopa kwamba naye atachukuliwa usiku. Inafaa aambiwe kwamba huu ni ugonjwa wa aina nyingine na hauambukizi. Mtoto wa umri huu atarudia swali lile lile kesho na keshokutwa. Ajibiwe vile vile.

Binti wa miaka tisa alikuwa na mzigo mzito zaidi, kwa sababu mama mwenyewe ndiye aliyemtuhumu. Umri huu unaweza kupokea jina la ugonjwa na kueleweshwa dalili zake. Aliambiwa hivi: "Ubongo wa mama ulikuwa unatengeneza sauti ambazo hakuna mtu aliyezisema. Yeye alizisikia kweli, na zilimtisha. Aliposema umeshirikiana na majirani, ugonjwa ndio uliomfanya aamini hivyo. Hukufanya kitu." Kisha akaelezwa la kufanya hali ikijirudia: asibishane na mama kuhusu sauti zile, asijifanye naye anazisikia, bali atoke aende kwa mtu mzima aliyekwisha kutajwa kwa jina.

Wa miaka kumi na minne hakusema amefanya kosa. Alisema, "Ningewahi kumwambia mtu." Kisha akauliza lile ambalo vijana wengi hulificha: "Na mimi nitakuwa hivyo?" Kijana anastahili jibu la kweli. Magonjwa haya yanaweza kutembea katika ukoo, lakini kurithi uwezekano si kurithi ugonjwa. Kwa skizofrenia, ambayo ni moja ya magonjwa makubwa ya saikosisi, mtoto mwenye mzazi mmoja mgonjwa ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 10, wakati kwa watu kwa jumla ni kama 1 kati ya 100. Maana yake walio wengi hawaupati. Yeye mwenyewe anaweza kujikinga kwa kujiepusha na bangi, ambayo huongeza hatari ya saikosisi, na kwa kusema mapema akianza kuona mabadiliko. Na kutambua ugonjwa wa mama ilikuwa kazi ya watu wazima, si yake.

Mama aliporudi nyumbani, lilizuka jambo ambalo familia nyingi hazijiandai nalo. Watoto walitarajia mama wa zamani, wakamwona mtu anayesinzia, mikono inatetemeka, uso haucheki. Baadhi ya dawa za saikosisi huleta hali hiyo, na daktari akiambiwa anaweza kurekebisha kipimo au kubadili dawa. Dawa za sonona nazo huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana. Mtoto asiyeambiwa haya husoma uso ule kuwa hasira au kukosa mapenzi. Aambiwe: "Mama anakupenda, ila kwa sasa kuonyesha mapenzi kunamwia vigumu." Siku mama mwenyewe atakapoweza kusema, "Nilichokuambia siku ile kilikuwa ugonjwa wangu," neno hilo litamtua binti yule mzigo kuliko maelezo yetu yote.

Lipo pia neno la uani. Wakubwa wakinong'ona kwamba mgonjwa amelogwa, hutafutwa mchawi, na wakati mwingine kidole huelekezwa kwa mtoto: alizaliwa na nuksi, tangu aje nyumba imeharibika. Familia inaweza kusali na kuomba dua huku mgonjwa akiendelea na dawa. Kumtafuta wa kulaumiwa ndani ya nyumba ndiko kusikovumilika.

Mzazi akizungumzia kufa, akitaka kujidhuru au kumdhuru mtu, mtoto asiachiwe ulinzi, wala asikabidhiwe kuficha visu na vidonge. Kazi yake ni kuondoka na kumwita mtu mzima, naye mtu mzima ampeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo. Tanzania na Kenya, simu ya bure ya kusaidia watoto ni 116.

Nchini Norway, tangu 2010, sheria inawataka watoa huduma za afya kuangalia mahitaji ya watoto wa mgonjwa wanayemtibu. Wauguzi na madaktari wetu wanaweza kuanza na swali moja kliniki: "Una watoto? Wameambiwa nini?" Na wewe uliye shangazi, babu, mwalimu au jirani wa nyumba kama ile, usingoje mtoto akuulize. Muulize wewe anafikiri mama yake aliuguaje, umsikilize mpaka amalize, kisha umjibu kosa lile lile analojibebesha.