Desemba Huanza Septemba

Tarehe 20 Desemba, saa nne usiku, mhariri mmoja wa Mombasa anabonyeza kitufe cha kuwasilisha kazi. Ni maelezo ya bidhaa 60 za duka la mtandaoni la Uingereza. Anapumua, anamwandikia mteja aidhinishe malipo, na jibu linarudi palepale: mteja yuko likizo hadi tarehe 4 Januari. Jibu hilo limetumwa na kompyuta, mwenyewe ameshafunga ofisi.

Kazi hiyo ilipitia Upwork, na ilikuwa ya bei moja iliyokubaliwa mapema. Kwa kazi za namna hiyo, mteja ana siku 14 za kuikagua. Asipojibu, fedha huachiliwa zenyewe, kisha hushikiliwa siku 5 nyingine kabla mfanyakazi hajaweza kuzitoa. Hesabu ni rahisi: kutoka tarehe 20 Desemba, siku 14 zinatufikisha tarehe 3 Januari, na siku 5 zaidi tarehe 8. Sikukuu imepita, shule zimefunguliwa, na karani wa karo hapokei ahadi. Kazi ileile ingewasilishwa tarehe 1 Desemba, hata mteja angenyamaza kabisa, fedha zingetoka tarehe 20.

Hapo ndipo wengi wanaofanya kazi mtandaoni wanapoteleza. Wanajua kazi zina misimu, lakini wanahesabu msimu kwa tarehe ya sikukuu au ya mtihani. Kazi huja kabla ya tarehe hiyo, na pesa huja baada ya kazi.

Chukua maduka. Ijumaa ya mapunguzo makubwa Marekani, inayoitwa Blaki Fraidei, huangukia siku moja baada ya Alhamisi ya nne ya Novemba. Lakini duka haliandiki maelezo ya bidhaa wiki hiyo. Kurasa zinatakiwa ziwe tayari mapema ili injini za utafutaji zizione na wanunuzi wazikute. Kwa hiyo kazi ya kuandika na kuhariri hujaa Septemba na Oktoba. Ikifika Novemba, duka hilohilo linatafuta watu wa kujibu wateja wanaouliza mzigo umefika wapi. Baada ya Krismasi linahitaji wa kushughulikia bidhaa zinazorudishwa. Mwandishi anayeanza kubisha hodi Novemba anakuta wenzake wameshavuna, na mlango ulio wazi ni wa kazi nyingine.

Vyuo navyo vina kalenda yao. Wanafunzi wengi wa shahada ya uzamili Uingereza huanza masomo Septemba na kukabidhi tasnifu mwishoni mwa Agosti au Septemba inayofuata. Marekani, muhula wa pili huishia Mei, na tasnifu nyingi hukabidhiwa Aprili. Mhariri anayesahihisha lugha na kupanga marejeo ana mavuno mawili basi: moja Aprili na Mei, jingine Agosti na Septemba. Katikati, Juni hukauka.

Miezi hiyo huleta pia mwanafunzi aliyechelewa, anayeomba aandikiwe kazi yote na kuahidi malipo mara tatu. Hilo si uhariri tena. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 inayoharamisha, kwa vyuo vya England, kuwauzia wanafunzi kazi za namna hiyo, na hata kuitangaza huduma yenyewe. Mteja wa aina hiyo ana sababu nyingine ya kuogopwa: akifeli au akikamatwa, hana la kupoteza kwa kukataa kulipa.

Sasa tumrudie mhariri wetu wa Mombasa, tumfungulie daftari la mwaka mzima. Tuseme amepokea haya, kwa maelfu ya shilingi: Januari 20, Februari 25, Machi 50, Aprili 80, Mei 75, Juni 25, Julai 35, Agosti 90, Septemba 80, Oktoba 60, Novemba 40, Desemba 20. Ameandika tarehe fedha zilipoingia mkononi, si tarehe aliyomaliza kazi. Jumla ni 600,000, yaani wastani wa 50,000 kwa mwezi.

Tuseme anajilipa 50,000 kila mwezi, kama mwajiriwa wa nafsi yake, na ziada anaiweka kwenye akaunti nyingine. Agosti, Septemba na Oktoba zinamwachia 80,000. Anajiona tajiri. Lakini Novemba inapungukiwa na 10,000, Desemba 30,000, Januari 30,000 na Februari 25,000. Hiyo ni miezi minne mfululizo inayodai 95,000. Mavuno ya pili hayatoshi kuivuka, yanapungua kwa 15,000.

Hizo 15,000 zilikuwapo. Aprili na Mei zilimwachia 55,000, Juni na Julai zikala 40,000, na baki ni 15,000 kamili. Kama mwezi wa Julai aliiona akasema ni chenji tu, akaibadilishia simu, njaa haitamkuta Julai. Itamkuta Februari, na atalaumu Februari.

Hesabu hii ina mpaka wake: ni ya mwaka mmoja. Mteja mmoja mkubwa akiondoka, wastani unaporomoka. Kwa hiyo mwenye busara hujilipa chini ya wastani, tuseme 45,000, mpaka awe na daftari la miaka miwili au mitatu.

Daftari hilo pia hujibu swali linalowanyima watu usingizi: je, kazi imepungua kwa sababu ya msimu, au nimeanza kupoteza wateja? Usilinganishe Juni na Mei, Juni itashindwa kila mwaka. Linganisha na Juni ya mwaka jana. Kisha tazama ni nani aliyenyamaza. Ikiwa wateja wote wamepunguza kwa pamoja, ni kiangazi. Ikiwa wengine wanaleta kama kawaida na mmoja aliyekuwa akileta kila Septemba hakutokea, huyo ameondoka, na kungoja msimu hakutamrudisha.

Wateja wa Dubai na Maskati wana msimu usiokaa mahali pamoja. Ramadhani, ambamo saa za ofisi hupunguzwa na maamuzi huvutwa hadi baada ya Idi, hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa Miladi. Mwaka 2026 ilianza Februari. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Daftari la mwaka jana halitoshi hapo, inabidi kufungua na kalenda ya Kiislamu.

Mhariri wetu, baada ya ile Januari ya karo, alibadilisha mambo mawili tu. Wateja wa maduka anawaandikia Julai, wakati bado wanapanga bajeti, na wanafunzi Machi, wasimamizi wao wanapoanza kudai rasimu. Na kila mwaka, katikati ya Novemba, humtumia kila mteja ujumbe mfupi: kazi yako nitaiwasilisha kabla ya tarehe 1 Desemba, je, unafunga ofisi lini, na nani ataidhinisha malipo usipokuwapo? Anayejibu hupangiwa nafasi. Asiyejibu, kazi yake huingizwa kwenye hesabu ya Januari tangu mwanzo, na karo haihesabiwi juu yake.