Mapenzi na Ratiba ya Zamu

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wanachama wetu wawili walijaribu kukificha kikohozi hicho kwa miezi miwili, katika mkahawa wa karibu na chuo wanakofanya kazi za muda. Wameturuhusu tuwasimulie, ila bila majina.

Dada alikuwa msimamizi wa zamu, akipanga ratiba ya kila wiki. Kaka alikuwa akihudumia meza. Walipopendana walikubaliana wasimwambie mtu. Kazini hawakushikana mikono, hata chakula walikula mbalimbali. Walidhani staha ni hiyo tu.

Wenzao hawakuona kitu, ila waliisoma ratiba. Ijumaa usiku, zamu yenye bakshishi nyingi, kaka alipangwa mara nne mfululizo. Jumapili usiku, zamu ya kufunga na kudeki, haikumfikia hata mara moja. Dada anasema hakukusudia upendeleo. Walitaka tu Jumapili yao. Lakini huo ndio mgongano wa maslahi. Si lazima mtu awe ameiba. Inatosha anayegawa awe na mtu wake miongoni mwa wanaogawiwa, kwani hata akigawa kwa haki, nani atamwamini?

Mwenzao mmoja alilalamika. Meneja akawaonyesha kanuni waliyoitia saini bila kuisoma. Haikukataza mapenzi; ilitaka meneja aarifiwe iwapo mmoja anamsimamia mwenzake. Kumbe kutowatangazia wenzako ni staha, lakini kumficha meneja ni kosa.

Kwa wakubwa, kosa hilo hugharimu zaidi. Steve Easterbrook, mkurugenzi mtendaji wa McDonald's, aliondolewa Novemba 2019 kwa uhusiano na mfanyakazi, ingawa wote wawili waliridhia. Mwaka 2020 kampuni ilimshtaki, ikidai alificha mahusiano mengine na kwamba mmoja wa wanawake hao alimwidhinishia hisa. Desemba 2021 alirudisha fedha taslimu na hisa zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 105.

Turudi mkahawani. Meneja alimhamishia dada zamu za asubuhi, na ratiba ya kaka ikawa inapangwa na msimamizi mwingine. Tuliuliza kwa nini hakuhamishwa kaka. Jibu lilikuwa kwamba aliye chini asipoteze saa zake, na ujira wake, kwa uhusiano ambao mkubwa wake ndiye aliyepaswa kuutolea taarifa.

Miezi mitatu baadaye waliachana. Kwa kuwa hakuna tena aliyemsimamia mwenzake, hakuna aliyelazimika kuacha kazi. Walikubaliana mambo mawili: ujumbe wa simu uwe wa kazi tu, na wenzao wasiombwe kuchagua upande. La kwanza ndilo zito, kwa sababu kumbembeleza mtu aliyekwisha kusema basi si mapenzi tena. Kazini huitwa usumbufu, na huweza kukufukuzisha kazi.

Tulimuuliza dada angebadilisha nini. Alicheka. "Ningemwambia meneja kabla sijaipanga ile Ijumaa ya kwanza."