Kipeperushi Kinachomjua Mzazi wa Gare

Tuchukue mfano wa duka la rejareja hapa Gare linalotaka kuuza madaftari kabla shule hazijafunguliwa Januari. Kipeperushi chake cha kila mwaka kinasema:

"TUNAPENDA KUWATANGAZIA WATEJA WETU WOTE KUWA TUNAZO BIDHAA BORA ZA AINA MBALIMBALI KWA BEI NAFUU. PUNGUZO KUBWA!!! WAHI SASA. WOTE MNAKARIBISHWA."

Ukilifuta jina la duka, karatasi hiyo inaweza kubandikwa Soni, Mombo au Tanga mjini, na hakuna atakayegundua. Kosa lake kubwa ni hilo. Mzazi anayeisoma hajui anauziwa nini wala kwa shilingi ngapi, na neno "nafuu" ameshalisoma kila ukuta. Herufi kubwa tupu nazo humchosha msomaji, kwa sababu maneno yote yanakuwa na umbo moja na jicho halipati pa kushika.

Kabla ya kuandika upya, mwenye duka ajibu swali moja: ofa ni ipi hasa? Tuseme daftari ni shilingi 500, na dazeni ataiuza 5,000 badala ya 6,000. Angeweza kuandika "punguzo la asilimia 17", lakini hesabu hiyo hakuna anayeipiga akiwa amesimama njiani na mzigo. Mzazi ana watoto wanaohitaji madaftari, basi aambiwe kwa madaftari:

"Mzazi, shule zinafunguliwa. Chukua madaftari 12, lipia 10.
Dazeni shilingi 5,000 tu, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi hii.
Tupo chini ya kanisa la Misheni. Tunafungua saa 1 asubuhi, tunafunga saa 2 usiku.
Huna ya dazeni nzima? Nunueni pamoja na jirani, mgawane."

Mstari wa mwisho ndio ninaoupenda kuliko yote. Unaonyesha kwamba muuzaji anajua Januari mifuko ikoje, na anasaidia bila kumwaibisha mtu. Ukarimu wa tangazo hutoka hapo. "Karibuni sana" hata ikirudiwa mara tatu haifiki.

Siku ya mwisho iandikwe kwa tarehe pia, maana karatasi hubaki ukutani na "Jumamosi hii" huzeeka. Mzigo uhesabiwe kabla ya kuchapa: kama ni dazeni 60, iandikwe "dazeni 60 tu". Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, na kijijini anayepanda mlima akakuta ofa imekwisha huwasimulia wenzake.

Nusu ya karatasi ya A4 inatosha. Picha iachwe, kwani fotokopi huigeuza doa jeusi.

Kisha apewe mtu asiyehusika na duka, asome mara moja, anyang'anywe karatasi na kuulizwa: kinauzwa nini, bei gani, mpaka lini? Akikwama kwenye tarehe, ipandishwe juu na ikolezwe wino.